"Tuma pasipoti kwanza": hapana, nijibu kwanza



Leo nina la kusema na sitalizungusha. Yule mtu anayeingia katika makundi yetu ya WhatsApp na tangazo la kazi za Uarabuni, akataka picha ya pasipoti kabla hajataja jina la kampuni yake wala hajasema kazi yenyewe ni ipi, hastahili jibu la "sawa kaka, natuma sasa hivi". Anastahili kuulizwa maswali. Akishindwa kuyajibu, aachwe pale pale, hata kama ni mtu wa mtaani kwetu, hata kama anaanza kila ujumbe kwa salamu na dua.

Najua nitakayoambiwa. Kwamba maisha ni magumu, kazi hazipatikani, na mwenye shida hachagui. Kwamba mimi nawatisha watu na rizki zao. Sipingi mtu kwenda Oman kutafuta. Visiwa hivi na Maskati vimejuana kwa karne nyingi, na hakuna mtaa hapa Unguja au Pemba usiokuwa na mtu wake kule. Wapo waliokwenda wakajenga, wakasomesha, wakarudi salama. Ninachopinga ni utaratibu tulioukubali kimya kimya, wa mwanamke kutoa kila kitu chake mwanzo, na mwenye kumtafutia kazi kutotoa chochote.

Tulichukue tangazo moja la aina hii tulipekue neno kwa neno. Halijatoka kwa mtu mmoja. Yanafanana yote, na nina hakika umeshaliona:

"KAZI OMAN. Wasichana miaka 21 hadi 40. Mshahara mzuri, chakula na malala bure. Nafasi chache. Tuma picha ya pasipoti, Zan ID, picha moja ya uso na moja ya mwili mzima. Haraka, viza zinatoka wiki hii."

Hesabu alichokuambia. Nchi, na neno "mzuri". Hakutaja kampuni, mji, mwajiri, aina ya kazi, mshahara wala muda wa mkataba. Sasa hesabu alichotaka kwako. Jina lako kamili, tarehe na pahala ulipozaliwa, nambari ya pasipoti, nambari ya kitambulisho, sura yako na umbo lako. Yeye amekupa maneno mawili, wewe unampa maisha yako yote kwenye picha nne. Huko sokoni Darajani hakuna hata mmoja wetu anayempa muuza vitambaa pesa kabla hajauona mtandio. Kwa nini kwenye kazi, inayohusu mwili na roho, tunakubali?

Wengi hudhani picha ya pasipoti ni karatasi tu: "Atafanya nayo nini? Si bado pasipoti yenyewe ninayo mwenyewe?" Hapa ndipo penye kosa, na napataka tupaelewe vizuri.

Viza ya kazi ya Oman haiombwi na mfanyakazi. Inaombwa na mwajiri, yaani kafili, au wakala kwa niaba yake. Kafili kwanza hupata kibali cha kuajiri mtu kutoka nje, halafu huomba viza kwa Polisi ya Kifalme ya Oman, ambayo ndiyo yenye mambo ya uhamiaji kule. Katika maombi hayo kinachotakiwa kutoka kwako ni picha ya ukurasa wa pasipoti wenye maelezo yako, na picha ya uso. Huitwi mahala kutia saini. Kwa maana hiyo, mtu aliyepokea picha zile mbili anaweza kuanzisha safari yako bila wewe kujua unakwenda kwa nani, na viza ikatoka ikiwa na jina lako, jina la kafili na kazi ambayo hukuichagua.

Na viza ikishatoka, mazungumzo yanabadilika. Jana ulikuwa unatafuta kazi, leo una deni. "Tumeshakulipia viza. Tumeshakukatia tiketi. Ukikataa sasa, rudisha gharama." Msichana ambaye kwao hakuna hata laki moja ya akiba anaambiwa anadaiwa milioni. Wakati huo ndipo anaposikia kwa mara ya kwanza kuwa kazi siyo ya hoteli bali ya nyumba, na mshahara siyo rial 100 bali 70. Rial moja ya Oman ni kama dola 2.6, kwa hiyo tofauti hiyo ya rial 30 ni kama dola 78 kila mwezi, na kwa mkataba wa miaka miwili ni zaidi ya dola 1,800. Atakataa vipi? Mama ameshaaga majirani, pasipoti ipo kwa wakala "kwa ajili ya taratibu", na deni linamsubiri. Anapanda ndege.

Haraka ile ya "viza zinatoka wiki hii" haikuwa bahati yako. Ilikuwa njia ya kukufikisha kwenye deni kabla hujauliza.

Tuseme hilo la hoteli kugeuka nyumba, kwa sababu watu wanalichukulia jepesi. "Kazi ni kazi," wanasema. Siyo hivyo. Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2023 haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Wao wana kanuni zao peke yao. Mhudumu wa hoteli ana wenzake, ana zamu, ana mlango wa kutokea jioni. Mfanyakazi wa nyumbani analala pale pale anapofanyia kazi, na mwenye nyumba ndiye kafili wake. Akitoka bila ruhusa anaweza kuripotiwa kuwa mtoro, na hapo yeye ndiye anayekuwa na kesi. Kazi ya nyumba ni ya heshima na wapo wanaoitaka. Lakini anayeitaka aitake akiwa anaijua, na aliyeambiwa hoteli asijikute jikoni kwa watu.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, kwa mahojiano na wanawake wenyewe. Walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi saa nyingi bila ya mapumziko, kulipwa pungufu ya walichoahidiwa au kutolipwa kabisa. Wengine walieleza kupigwa na kudhalilishwa. Sisemi kila nyumba iko hivyo. Nasema kwamba aliyekwenda bila kujua jina la kafili wake hana hata jina la kumpa ndugu yake aanzie kumtafuta.

Sasa ile picha ya mwili mzima. Hii nayo tunaituma kwa aibu, usiku, tukiwa tumejifungia chumbani, na hatumuulizi mtu inakwenda wapi. Mawakala wa Ghuba hutengeneza karatasi moja kwa kila msichana: picha, umri, urefu, uzito, dini, ameolewa au la, ana watoto wangapi. Karatasi hizo huzungushwa kwa wateja wachague. Mwaka 2019 BBC Idhaa ya Kiarabu ilionyesha wafanyakazi wa nyumbani wakitangazwa Kuwait kupitia programu za simu na Instagram, kama watu wanavyotangaza makochi. Wewe unayejisitiri unapokwenda hata dukani kwa Mangi, una haki ya kuuliza: picha hii ataiona nani, itawekwa wapi, na nikikataa kazi itafutwa au itabaki? Kuuliza hivyo siyo ukaidi. Ni kuijua thamani yako.

Basi maswali yenyewe ni yapi? Siyo mengi. Mtu wa kweli anayajibu kwa dakika kumi.

La kwanza, kampuni yako inaitwaje kama ilivyoandikishwa, ofisi iko wapi, na nambari ya leseni yako ya uwakala wa ajira ni ipi? Zingatia neno leseni. Watu wengi wanaonyeshwa cheti cha usajili wa kampuni wakaridhika. Cheti kile kinathibitisha kwamba jina la biashara limeandikishwa, kwa BRELA upande wa Bara, au BPRA hapa Zanzibar. Hakimpi mtu ruhusa ya kupeleka watu kazini. Duka la vipodozi nalo lina cheti kama hicho. Kupeleka watu kazini kunataka leseni yake, na kwa Zanzibar mlango wa kugonga ni Kamisheni ya Kazi. Kwa Bara ni ofisi zinazosimamia ajira chini ya wizara ya kazi, pamoja na TaESA.

La pili, kazi gani hasa itaandikwa kwenye viza, na kwa nani? Usiulize "kazi gani" peke yake, maana hapo atakujibu chochote. Uliza itakayoandikwa kwenye viza. Viza ya kazi ya Oman ina mstari wa kazi na jina la kafili. Ukiambiwa mapokezi ya hoteli na viza ikasema mfanyakazi wa nyumbani, basi wewe ni mfanyakazi wa nyumbani, na maneno ya wakala hayana uzito wowote uwanja wa ndege wa Maskati. Kama ni kazi ya nyumba, uliza mji gani, nyumba ina watu wangapi, kuna watoto wadogo au mgonjwa, utalala wapi, siku ya mapumziko ni ipi.

La tatu, mshahara ni rial ngapi, unalipwa vipi, na nani analipa viza, tiketi na vipimo vya afya? Majibu haya yaje kwa maandishi, na mkataba uuone kabla ya kutoa pasipoti, siyo uwanja wa ndege. Ikiwa mkataba ni wa Kiarabu, utafute wa Kiswahili ulingane nao. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, unasema kwa jumla mfanyakazi asitozwe ada na wakala. Mkataba huo huo unasema taarifa wanazochukua mawakala kwa mtu ziishie kwenye zile zinazohusu ujuzi na uzoefu wake wa kazi, na nyengine zinazohitajika moja kwa moja. Yaani wakubwa wa dunia walishakaa mezani wakakubaliana kwamba taarifa za mtafuta kazi zina mpaka. Sisi tu ndio tunaona haya kuutaja.

La nne, taarifa zangu unazitaka za nini na utampa nani? Swali hili watu hawalijui, na lina sheria nyuma yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Msingi wake ni rahisi: anayekusanya taarifa za mtu amueleze anazikusanya kwa ajili gani, achukue zinazohitajika tu, na asizitumie kwa jambo jengine. Wakala anayekuambia "wewe tuma tu, mambo ya maswali baadaye" amekwenda kinyume na msingi huo kabla hata hajakuona.

Tuone mazungumzo yanavyokwenda. Bi dada mmoja wa Wete, tuseme, ameliona tangazo lile. Badala ya kutuma picha anaandika:

"Assalaam alaykum kaka. Nimeiona kazi na ninaihitaji. Kabla ya kutuma vitambulisho naomba jina la kampuni, nambari ya leseni ya uwakala wa ajira, na kazi itakayoandikwa kwenye viza."

Jibu la kwanza: "Dada, kampuni yetu ni kubwa inajulikana. Wenzako wameshatuma."

Hajajibu. Kampuni kubwa huwa na jina. Anaendelea: "Alhamdulillahi kama inajulikana. Jina lake ni nani?"

Jibu la pili linakuja na jina, na picha ya cheti. Hapa wengi hupumua. Bi dada anakuza picha. Ni cheti cha usajili wa kampuni, na mwaka wake ni wa zamani. Anaandika: "Ahsante. Hiki ni cha usajili. Naomba cha leseni ya ajira."

Jibu la tatu: "Dada una maswali mengi, unaonekana huna shida ya kazi. Nafasi zimebaki mbili."

Hapo mazungumzo yameisha, na bi dada ameshinda. Hakuibiwa, hakudaiwa, na imemgharimu vocha ya data ya shilingi mia tano. Yule mtu hakukasirika kwa sababu ameulizwa kwa jeuri. Soma tena, hakuna jeuri hata chembe. Amekasirika kwa sababu hana cha kujibu.

Sasa tuseme ameleta leseni. Bado kuna hatua moja, na ni hii inayowaokoa watu na wajanja wa daraja la pili, wale wanaotumia jina la wakala wa kweli. Usipige nambari iliyomo kwenye ujumbe kuthibitisha ujumbe. Hiyo ni sawa na kumuuliza mwizi kama yeye ni mwizi. Chukua jina la kampuni, nenda Kamisheni ya Kazi au piga simu zao, uulize mambo mawili: kampuni hii ina leseni, na je, leseni bado iko hai? Halafu nambari ya simu ya kampuni uipate kwao, upige, uulize kama yule kaka ni mtu wao. Kwa aliyeko Pemba safari ya boti ni gharama, naelewa. Basi ulizia kwanza ofisi ya kazi iliyo karibu nawe, au mtume ndugu aliyeko mjini. Nauli ya daladala kwenda kuuliza ni ndogo kuliko tiketi ya kurudi kutoka Maskati bila mshahara.

Akithibitika, mpe. Simwambii mtu afiche vitambulisho milele, maana viza haitoki bila pasipoti. Ninachosema ni kwamba kila hatua ina chake. Mwanzo wa mazungumzo anahitaji jina lako, simu yako, umri kwa miaka, elimu na uzoefu wako. Hahitaji nambari ya NIDA, wala Zan ID, wala jina la mama yako. Baada ya kuthibitisha kampuni na kuuona mkataba, toa kopi ya pasipoti, na juu ya kopi, pembeni ya picha lakini ikigusa maandishi, andika kwa kalamu: "Kwa maombi ya viza ya kazi kupitia kampuni fulani tu", na tarehe. Mstari huo hauzuii kila hila, na huenda pale viza inapoombwa ikatakiwa kopi safi. Lakini hadi kufika hapo, kopi inayozunguka mikononi mwa watu ina jina la aliyeitoa, na anayetaka kuitumia kwa jambo jengine atapata taabu.

Pasipoti yenyewe ni hadithi nyengine. Pasipoti ya Tanzania ni mali ya Serikali, wewe umepewa uitumie. Siyo ya wakala kuifungia kabatini "ili usibadilishe mawazo". Ikilazimika kuiacha kwa siku mbili tatu kwa sababu ya taratibu, pata karatasi yenye jina la aliyeipokea, tarehe, muhuri na siku ya kuirudisha. Asiyetaka kuandika karatasi hiyo hataki kukurudishia.

Niwageukie sasa wale wanaosema kuuliza ni kukosa adabu. Huu ndio msiba wetu. Tumewalea mabinti kwamba mkubwa haulizwi, mwanamme hahojiwi, na aliyekutendea wema hudai karatasi. Kisha tunashangaa wanapoingia mikononi mwa watu wabaya wakiwa kimya. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Waislamu waliambiwa waandikiane wao kwa wao, ndugu kwa ndugu. Hakuna aliyesema kuandikiana ni kutoaminiana. Sasa wewe unayemwambia binti yako "usimuulize sana huyo kaka, atakasirika", adabu hiyo umeitoa wapi?

Na wale wanaosema "lakini huyu tunamjua, ni mtoto wa fulani". Vizuri. Kumjua mtu siyo kuijua kazi. Mara nyingi mtoto wa fulani naye hajui. Yeye ni kiungo cha kwanza tu: anakusanya picha, anazituma kwa mtu wa Dar es Salaam, naye anazituma kwa mtu wa Maskati, na kila mmoja ana fungu lake. Muulize mtoto wa fulani jina la kafili, utaona macho yake. Hana ubaya, ila hana habari, na pasipoti yako imeshavuka bahari mikononi mwa watu watatu wasio na habari. Ndiyo maana maswali yaulizwe kwa kila mtu, ndugu na mgeni sawasawa. Yakiwa ya wote, hakuna wa kununa.

Kuna hoja moja naiheshimu. Wapo wanaosema: ukiuliza, wanachukua mwengine asiyeuliza. Ni kweli, ukiuliza peke yako. Ndiyo sababu maneno haya siyo ya mtafuta kazi peke yake. Ni ya wewe kiongozi wa kundi la WhatsApp la vikoba, la madrasa, la waliosoma skuli moja. Tangazo likiingia bila jina la kampuni na nambari ya leseni, lifute, na useme kwa nini. Ni ya wewe unayesambaza "kwa nia njema". Nia njema haitoshi. Unapolituma kwa watu mia mbili umeliwekea jina lako. Uliza maswali yale wewe kwanza, ndipo usambaze. Makundi ishirini yakikubaliana hivyo, asiyeuliza hatapatikana, na wakala atalazimika kuja na majibu.

Na nyinyi mawakala wenye leseni, wale wa kweli, nina neno nanyi pia. Mnalalamika kwamba matapeli wanawaharibia jina. Basi mbona matangazo yenu hayatofautiani na yao? Andikeni jina kamili, nambari ya leseni, aina ya kazi, mji na rial. Mstari mmoja tu. Mkinyamaza kama wao, msitulaumu tukiwatia kapu moja.

Mwisho, kwa aliyekwisha kutuma na sasa moyo unamdunda. Usijifiche. Kwanza hifadhi mazungumzo yote, piga picha za skrini zenye nambari na tarehe, kabla hajakufungia. Mwandikie wazi kwamba umeghairi, hukubali viza iombwe kwa jina lako, na unataka picha zako zifutwe. Ujumbe huo ni ushahidi wako siku atakapodai gharama. Kisha piga *106# kwenye simu yako uangalie laini zilizosajiliwa kwa nambari yako ya NIDA. Usajili wa laini unataka alama ya kidole, kwa hiyo picha peke yake haitoshi kusajili. Lakini kama uliwahi kuambiwa uweke kidole mahala "kwa ajili ya fomu", hapo ndipo utakapoiona laini usiyoijua. Ukiikuta, nenda duka la mtandao husika waifute. Nambari ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040. Ikiwa amechukua pesa au pasipoti, nenda polisi. Ikiwa anatumia picha na taarifa zako bila ridhaa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Na usilipe "gharama za viza" kwa viza ambayo hukuiona na mkataba ambao hukuutia saini.

Kwa hiyo, shoga yangu, kesho tangazo likiingia usiseme "natuma". Andika: "Kampuni gani, leseni nambari ngapi, na viza itaandikwa kazi gani?" Halafu weka simu chini, endelea na mapishi yako. Mwenye kazi ya kweli atarudi na majibu.